Mmoja huchelewa, mwingine huwahi: wastani wa bei na RSI mbele ya anguko la 2020

“Kaka, RSI ikishuka chini ya 30 si ndiyo wakati wa kununua? Na wastani wa siku 50 ukikata ule wa siku 200 kwenda chini, si ndiyo wakati wa kutoka? Mbona nikifuata yote mawili bado naumia?”

Muulizaji anatumia vipimo viwili vya chati: wastani wa bei za siku zilizopita, na RSI, namba kati ya 0 na 100 inayolinganisha nguvu ya kupanda na ya kushuka kwa bei za karibuni. Twende kwenye chati ya S&P 500, faharisi ya kampuni kubwa 500 za Marekani, mwaka 2020. Nimeichagua kwa sababu ina wanunuzi na wauzaji wengi kila siku, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ishara ziliharibika kwa kukosa biashara. Tarehe 19 Februari faharisi ilifunga kwenye 3,386, kilele chake cha wakati ule. Habari za korona zikaisukuma chini, na ilipofika Ijumaa ya tarehe 28 Februari ilikuwa 2,954, huku RSI ya siku 14 ikiwa chini kabisa ya 30. Aliyefuata kanuni alinunua. Tarehe 23 Machi faharisi ilifunga kwenye 2,237. Katika muda usiofika mwezi, mnunuzi huyo alikuwa amepungukiwa asilimia 24.

Sasa mtazame mwenzake, aliyeongozwa na wastani. Wastani wa siku 50 ulikata ule wa siku 200 kwenda chini tarehe 30 Machi, tukio ambalo vyombo vya habari vya fedha huliita msalaba wa kifo. Akauza kwenye 2,627, wiki moja baada ya bei kugusa chini kabisa na kuanza kupanda. Wastani ulipokatana tena kwenda juu tarehe 9 Julai, faharisi ilikuwa 3,152. Kama alirudi sokoni siku hiyo, alilipa asilimia 20 zaidi ya alichopokea alipouza. Anguko lilimpata akiwa ndani, na kupanda kukamkuta nje.

Soko lilikuwa moja na msimu ulikuwa mmoja, lakini mmoja aliumia kwa kuwahi na mwingine kwa kuchelewa. Ukitaka kuelewa kwa nini, rudi kwenye hesabu yenyewe.

Wastani unaosogea ni jumla ya bei za kufunga za siku kadhaa zilizopita, ikagawanywa kwa idadi ya siku hizo. Kesho bei mpya inaingia na ya zamani kuliko zote inatoka. Kwenye wastani wa siku 200, bei ya leo ni sauti moja kati ya 200. Ndiyo maana mstari ule ni laini na hauyumbishwi na kelele za siku moja, na ndiyo maana uko nyuma. Ukipiga hesabu, unakuonyesha hali ya soko ilivyokuwa katikati ya kipindi chake, yaani takriban siku 100 za biashara zilizopita, karibu miezi mitano. Ule wa siku 50 uko nyuma kwa takriban siku 25. Kuna aina nyingine, EMA, inayozipa bei za karibuni uzito mkubwa zaidi. Hiyo huwahi kidogo, lakini pia hugeuka kwa sababu ndogo, kwa hiyo ucheleweshaji unaoupunguza unaulipia kwa ishara za uongo zaidi.

Kwa hiyo msalaba wa kifo hautabiri anguko. Unathibitisha kwamba bei zimekuwa zikishuka muda mrefu kiasi cha kuuburuta wastani. Kama anguko ni la polepole, uthibitisho huo unafika mapema vya kutosha. Kama ni la ghafla, unafika msiba umeshapita.

Na hapa niutetee wastani, maana wanaoudharau mara nyingi hutaja 2020 peke yake. Mwaka 2007 faharisi hiyohiyo ilifika kilele cha 1,565 mwezi Oktoba, kisha ikaanza kujikongoja: inashuka, inapanda kidogo, inashuka tena. Wastani ulipokatana mwishoni mwa Desemba 2007, bei ilikuwa kwenye 1,480 na ushei, takriban asilimia 5 tu chini ya kilele. Kisha ukaja mporomoko wa mabenki, na tarehe 9 Machi 2009 faharisi ilifunga kwenye 676. Ishara ya kurudi ilitokea Juni 2009, bei ikiwa karibu na 900. Ilichelewa, ndiyo, lakini aliyeuza na kurudi kwa kanuni hiyo alinunua kwa bei ya chini kwa takriban asilimia 40 kuliko aliyouzia. Kwa mtu mwenye akiba ya uzeeni huo ni mwokozi wa kweli.

Ubaya ni kwamba siku ya msalaba wenyewe, chati ya Desemba 2007 na ya Machi 2020 hazikupi njia ya kujua ni ipi kati ya hadithi hizo mbili unayoiingia. Kuna na hadithi ya tatu, ambayo hutokea soko likiwa halina mwelekeo. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 mistari hiyo miwili ilikatana mara nne: chini mwezi Agosti, juu Desemba, chini Januari, juu Aprili. Mara zote mbili mfuataji wa kanuni alinunua kwa bei ya juu kuliko aliyouzia, na hapo bado hujaweka kamisheni ya broka. Hakukosea popote. Alitii ishara, na ishara zilikuwa za uongo.

Tuje kwa RSI. Mhandisi Mmarekani J. Welles Wilder aliichapisha mwaka 1978, na hesabu yake ni hii:

```
RS  = wastani wa kupanda / wastani wa kushuka
RSI = 100 - 100 / (1 + RS)
```

Kama kwa siku 14 wastani wa kupanda ni pointi 1.2 na wa kushuka ni 0.4, RS ni 3 na RSI ni 75. Ukigeuza namba hizo, unapata 25. Tazama kilichomo na kisichokuwamo. Hakuna mahali hesabu inapouliza kampuni inapata faida gani, wala bei ni rahisi au ghali. Inauliza jambo moja: siku za karibuni nani ana nguvu, anayepandisha au anayeshusha, na kwa uwiano gani. RSI ya 25 inasema wanaoshusha wana nguvu mara tatu. Watu wameipa hali hiyo jina la “kuuzwa kupita kiasi”, na jina hilo ndilo linaloponza, kwa sababu linabeba ahadi ambayo namba haikuitoa. Nguvu mara tatu inaweza kuendelea kesho na keshokutwa. Tarehe 28 Februari 2020 RSI ilisema kweli tupu: wauzaji wamelemea. Aliyeongeza “kwa hiyo watachoka” ni mnunuzi.

Hata hivyo kuna nyakati huchoka kweli. Tarehe 24 Desemba 2018 S&P 500 ilifunga kwenye 2,351, RSI ikiwa chini sana ya 30. Miezi minne baadaye ilikuwa juu ya 2,900. Aliyenunua mkesha ule wa Krismasi alifanya biashara ambayo wengi huisubiri miaka.

Wapo wanaotoa dawa ya kuunganisha: usinunue kwa RSI ya chini isipokuwa bei iko juu ya wastani wa siku 200. Ni kanuni yenye mantiki, kwa sababu inatenganisha mapumziko ndani ya safari ya kupanda na anguko halisi. Ingekuzuia kununua tarehe 28 Februari 2020, maana siku moja kabla bei ilikuwa imeshafunga chini ya wastani huo. Lakini ingekuzuia pia Desemba 2018, na mwaka 2020 ingekuweka nje hadi mwishoni mwa Mei. Kichujio hakikupi ishara za kweli tupu. Kinabadilisha aina ya kosa: unapunguza kununua ndani ya anguko, na unakubali kukosa baadhi ya mageuko makubwa. Kwa mtu anayetumia fedha asizoweza kuzirudisha haraka, mimi naona hilo ni badilishano zuri. Ila kabla hajaweka oda yake ya kwanza aamue ni kiasi gani yuko tayari kupoteza ishara ikiwa ya uongo, na bei ipi itamwambia kwamba imekuwa ya uongo. RSI haiwezi kumjibu hilo, kwa kuwa baada ya kununua ikiwa 28 inaweza kushuka hadi 20, na kwa kanuni ileile kila hatua chini huonekana kama sababu ya kununua zaidi.

Kwa wanaonunua hisa Dar es Salaam au Nairobi kuna onyo jingine, na hili halisemwi vya kutosha. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa masoko ambayo bei hubadilika kila siku. Kwenye masoko yetu kuna hisa ambazo bei yake hukaa palepale siku nyingi kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua. RSI ya Wilder husogezwa hivi: wastani wa jana mara 13, jumlisha mabadiliko ya leo, gawa kwa 14. Kama leo hakuna mabadiliko, wastani wa kupanda na wa kushuka hupungua kwa kiwango kilekile, na uwiano wao haubadiliki. RSI inaganda. Utaiona ikisoma 72 wiki mbili mfululizo ukadhani wanunuzi wamekaza, kumbe hakuna mtu sokoni.

Mbaya zaidi ni pale inapoganduka. Chukua hisa ya shilingi 2,000 yenye wastani wa kupanda wa shilingi 4 na wa kushuka wa shilingi 4, yaani RSI ya 50. Bei ikipanda shilingi 20 leo, RSI inakwenda 58, jambo la kawaida. Sasa weka kwanza siku 20 ambazo bei haikusogea. Kila wastani utakuwa umesinyaa hadi takriban senti 91. Siku ya 21 mtu mmoja ananunua hisa chache na bei inapanda shilingi 20 zilezile. Safari hii RSI inaruka hadi 73. Programu ya chati, ikiona imevuka 70, inawasha rangi ya hatari, na mwenye hisa anauza akidhani soko limechemka, wakati kilichotokea ni mnunuzi mmoja na asilimia moja ya bei.

Wastani wa siku 50 nao hudanganya kwa namna yake hapo: bei ileile ikijirudia siku 40, mstari unalala na kuikaribia bei, kisha biashara moja ndogo inatosha kuleta mkato. Kabla ya kusoma chochote kwenye hisa ya namna hiyo, fungua ripoti za siku 14 zilizopita uhesabu ni siku ngapi bei ilibadilika na ni hisa ngapi ziliuzwa. Mimi nikikuta bei imebadilika chini ya siku saba, naifunga RSI na kwenda kusoma hesabu za kampuni.