Kilo za mwezi wa sita si kilo za kabla ya mimba

Hapa Bukavu mama wengi huja kupimwa mimba mara ya kwanza ikiwa na miezi mitano au sita. Muuguzi anawapandisha kwenye mizani, anapima urefu, anapiga hesabu ya IMC, yaani kilo za uzito kugawanya kwa jibu la urefu wa mita mara urefu huohuo, kisha anajaza fishi. Mimi nasema hesabu hiyo inadanganya, na mashauri yanayotoka humo mara nyingi ni mabaya kuliko kunyamaza.

Chukua mama wa mita 1.56, wiki ya 24, kilo 62. IMC yake inatoka 25.5. Kwenye jedwali la Marekani la 2009 la kilo za kuongeza wakati wa mimba, ambalo wengi hulifuata, huyo ni mnene: aongeze kilo 7 hadi 11.5 tu mimba nzima. Basi anaambiwa apunguze bugali. Lakini kilo 62 zina mtoto ndani, na kondo, na maji, na damu iliyoongezeka. Jedwali linataka uzito wa kabla ya mimba, au angalau wa miezi mitatu ya kwanza.

Muulize: "Mama, mbele ya mimba ulikuwa na kilo ngapi?" Akisema hajui, omba kadi ya uzazi wa mpango; mara nyingi uzito umeandikwa pale. Tuseme kadi ya mwezi mmoja kabla ya mimba inaonyesha 55. IMC inakuwa 22.6, ya kawaida, na lengo lake ni kilo 11.5 hadi 16. Ameshaongeza 7. Zimebaki wiki 16; kwa mwendo wa kama gramu 420 kwa wiki atafika karibu 14. Mama huyu hana tatizo lolote, na angerudi nyumbani kujinyima sambaza na maharage bure.

Kadi ikikosekana, usibuni uzito wa kuanzia. Andika "haujulikani", pima mkono kwa utepe (programu nyingi za lishe huhesabu chini ya sentimita 23 kuwa dalili ya lishe duni), halafu fuata mwendo wa kilo toka ziara hii hadi ijayo, kwenye mizani ileile.

Na akiongeza kilo 2 au zaidi kwa wiki moja, uso na mikono ikivimba, wacha habari ya chakula kwanza: pima presha na protini ya mkojo siku hiyohiyo.

Kinachonikera zaidi ni ile alama ya vema tu kwenye fishi, mbele ya "mashauri ya lishe". Mwenzangu wa zamu ijayo atajua nini? Mistari miwili inatosha: "Kabla ya mimba kilo 55 (kadi), IMC 22.6. Leo 62, wiki 24, ameongeza 7, sawa. Tumekubaliana: asipunguze chakula, aongeze mlo mdogo wa saa kumi, sambaza au maharage. Wiki 28 tunatarajia kama 63.5 hadi 64."