Maskoti ni Mali ya Klabu, Aliyemo Ndani Si Mali ya Mtu

Mhusika wa maskoti, yaani kiumbe wa vazi anayeiwakilisha klabu au kampuni mbele ya watu, na mtu anayelivaa vazi lake ni wawili, na kila mmoja ana haki zake, ingawa uwanjani tunawaona kama kiumbe kimoja. Jina la mhusika, sura yake, rangi zake na nembo iliyo kifuani ni mali ya klabu au kampuni iliyomwanzisha. Mwili unaotoka jasho ndani ya sponji, ustadi wa kuchekesha umati bila kutamka neno, na haki ya kulipwa na kupumzika ni vya mtu. Nimeona hapa Tanga, kwenye shughuli za biashara na hata michezoni, kwamba waajiri wanaikumbuka vizuri nusu ya kwanza ya jambo hili na kuisahau ya pili. Ninaandika kwa sababu madhara ya kusahau huko yanamwangukia kijana mmoja asiyeonekana uso.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu mpaka huu kilitokea San Diego, Marekani. Mwaka 1974 kituo cha redio cha KGB kilimwajiri mwanafunzi wa chuo, Ted Giannoulas, avae vazi la kuku na kuwagawia watoto zawadi za Pasaka kwenye bustani ya wanyama, kwa ujira wa dola 2 kwa saa. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Kijana akaomba aruhusiwe kwenda na vazi lile kwenye mechi za besiboli za klabu ya Padres, na huko akazua vituko vyake mwenyewe: kuwaigiza waamuzi, kuwatania wachezaji wa timu pinzani, kucheza dansi katikati ya mapumziko. Baada ya miaka michache watu walikuwa wakienda uwanjani kwa ajili ya kuku kama walivyokwenda kwa ajili ya mchezo.

Mwaka 1979 uhusiano wake na redio ulivunjika akafukuzwa. Wenye redio waliamini kwamba vazi ni lao, kwa hiyo na kuku ni wao, wakamweka mtu mwingine ndani ya vazi lilelile na kumpeleka uwanjani. Mashabiki walimzomea. Vazi halikubadilika hata unyoya mmoja, lakini umati ulitambua kwa mwendo na kwa mzaha kwamba yule waliyempenda hayumo. Giannoulas alitengenezewa vazi jipya la sura tofauti, na usiku wa tarehe 29 Juni 1979 akaingizwa uwanjani ndani ya yai kubwa la bandia na kulitoka mbele ya watazamaji wapatao 47,000.

Redio ilikwenda mahakamani kutaka azuiwe, na mwanzoni ilipata amri pana iliyomkataza kuonekana katika vazi la kuku. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ya California iliiondoa amri hiyo kwa sababu ilivuka mipaka. Mwajiri anaweza kulinda alama yake, yaani vazi lenye nembo yake lisitumiwe na mtu asiyehusika, lakini hawezi kumnyima mtu njia ya kujipatia riziki kwa kumkataza kuigiza kuku wa aina yoyote. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki. Redio ilikuwa na vazi na nembo, na mtu alikuwa na vituko vyake. Waliachana, kila mmoja akabaki na chake, na aliyebaki na vazi ndiye aliyegundua kwamba kilichokuwa na thamani kubwa zaidi kimetoka mlangoni.

Kutokana na kisa hicho wapo wanaodai kwamba mhusika hawezi kamwe kutenganishwa na mtu wake. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni klabu nyingine ya besiboli, Phillies ya Philadelphia. Mwaka 1978 klabu hiyo ilimleta maskoti wa kijani mwenye tumbo kubwa na mdomo mrefu, anayeitwa Phanatic, na aliyemvaa kwa mara ya kwanza alikuwa David Raymond, kijana aliyekuwa akifanya mafunzo ya kazi ofisini kwao. Raymond aliendelea hadi mwaka 1993. Alipoondoka hakukuwa na zomeazomea, kwa kuwa mrithi wake, Tom Burgoyne, alikuwa msaidizi wake kwa miaka kadhaa. Alishamwona Phanatic anavyotembea kwa kuyumbisha tumbo, anavyokasirika, anavyomsogelea mtoto mwenye woga. Phanatic alikuwa amekwisha kuwa na tabia zake mwenyewe, zinazoweza kufundishwa na kupokewa, na hapo ndipo mhusika anapoweza kusimama bila kumtegemea mtu mmoja.

Tofauti ya visa hivi viwili iko katika kazi iliyofanyika kabla ya mtu kuondoka. Klabu inayotaka mhusika adumu inapaswa kuandika tabia zake kwa maelezo yanayoweza kufuatwa: anatembeaje, anapunga mkono upi, anafanya nini timu inapofungwa, anamkaribia vipi mtoto anayelia (kwa kawaida hupiga goti na kusubiri mtoto aje mwenyewe, hamfuati). Inapaswa kuwarekodi wavaaji kwa video na kuwafundisha watu wawili wenye kimo kinachokaribiana, kwa sababu vazi lililoshonwa kwa mtu mrefu humfanya mfupi atembee kama aliyevaa gunia, na watoto hugundua mara moja. Watu hao wawili hawaonekani kamwe kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa tabia nyingi huzaliwa na mvaaji wa kwanza, ni halali alipwe kwa ubunifu huo, mbali na malipo ya kusimama juani.

Hapa kwetu ugumu huanzia kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, lakini sharti hilo halimhusu anayemfanyia mwajiri kazi kwa chini ya siku 6 katika mwezi. Mvaaji wa maskoti wa siku ya mechi, au wa siku ya uzinduzi wa duka, mara nyingi huangukia hapohapo. Huitwa kwa simu jana yake na kulipwa mkononi jioni, na hakuna palipoandikwa kwamba alikuwapo. Mwajiri kutolazimishwa na sheria hakumzuii kuandika ukurasa mmoja, na ukurasa huo unamlinda yeye pia. Ukiandika kwamba jina, sura na vazi ni vya kampuni, hakuna atakayetokea kesho na vazi linalofanana akidai ni lake. Ukiandika kwamba vituko vipya atakavyobuni mvaaji vitaweza kutumiwa na wengine, na kwamba atalipwa kiasi fulani kwa hilo, umekwisha kuzuia mgogoro wa San Diego usihamie kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani.

Upande wa mwili ndio unaoniumiza zaidi. Mwili hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi, na ndani ya manyoya ya bandia na sponji jasho halina pa kukaukia. Tanga wakati wa kaskazi hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo hata nje ya vazi jasho linachelewa kukauka. Kwenye uzinduzi wa duka moja Ngamiani nilimwona kijana aliyevaa vazi la mnyama akirudishwa nyuma ya kibanda, akavua kichwa kwa mikono inayotetemeka. Fulana yake ilikuwa imeshikamana na mgongo kana kwamba ametoka kuogelea, na kwenye paji la uso palikuwa na alama nyekundu ya mkanda wa kichwa. Alimwambia msimamizi, "Kaka, kichwa kinaniuma, sioni vizuri." Akajibiwa, "Vumilia kidogo, watoto bado wengi." Akakivaa tena.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na macho kuingia ukungu ni dalili za mwili kuzidiwa na joto. Kinachofuata ni kuyumba, kuchanganyikiwa na kuanguka, na mtu akifikia hatua ya kuchanganyikiwa hilo ni jambo la kupozwa kwa maji mara moja na kukimbizwa hospitali. Waliozoea kazi hii huvaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha hupumzika kivulini kwa muda usiopungua huo, kichwa kikiwa kimevuliwa kabisa, wakinywa maji. Katika joto la Januari la hapa kwetu ningepunguza hata dakika hizo.

Lakini ipo kanuni ya zamani ya maskoti kwamba kichwa hakivuliwi mbele ya watu, na mimi naiheshimu, kwa kuwa mtoto anayeona shingo ya mtu ikitokeza kwenye mwili wa simba hupoteza kitu. Ili kanuni hiyo isigeuke hatari, mvaaji lazima awe na msindikizaji. Mvaaji anaona kupitia tundu dogo, mara nyingi mdomoni mwa mnyama, hivyo haoni ngazi, haoni mtoto aliye miguuni, wala haoni anayemvuta mkia kwa nyuma. Msindikizaji ndiye macho yake na ndiye saa yake. Wakubaliane ishara isiyohitaji maneno, kwa mfano kuweka mikono yote miwili juu ya kichwa, na ishara hiyo ikitolewa msindikizaji amwondoe bila kuomba ruhusa kwa mtu wa matangazo. Ikitokea mvaaji akaanguka palepale, kichwa kivuliwe hapohapo, hata kama uwanja mzima unatazama.

Limebaki suala la jina. Makampuni mengi hupenda mvaaji asijulikane kabisa, na wakati wa onyesho nakubaliana nayo: asiongee, asijitambulishe, asipige picha akiwa nusu ndani ya vazi na kuituma kwa marafiki. Nje ya onyesho sioni sababu ya kumficha. Raymond alijulikana kwa jina na Phanatic hakupungua. Klabu ya Arsenal ilipompunguza kazini Jerry Quy mwezi Oktoba 2020, baada ya miaka 27 ndani ya vazi la dinosaria aitwaye Gunnersaurus, mashabiki walisikitika kwa jina lake halisi, na mchezaji Mesut Özil akajitolea hadharani kumlipa mshahara. Dinosaria alirudi uwanjani mwezi Novemba mwaka huohuo, ila Quy hakurudishiwa nafasi yake ya zamani. Watu wazima waliweza kumpenda mhusika na kumhurumia mtu kwa wakati mmoja bila kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo kwenye ule ukurasa mmoja ningeongeza mistari miwili: kwamba mvaaji atatunza siri ya mhusika akiwa kazini, na kwamba kazi ikiisha atapewa barua yenye jina lake, tarehe alizofanya kazi na mhusika aliyemwigiza, aende nayo kwa mwajiri mwingine.