Shilingi Inapoimarika, Nani Analipa? Hesabu ya Familia Zinazotumiwa Fedha kutoka Ughaibuni

Shilingi ya Uganda inapopata nguvu dhidi ya dola, vyombo vya habari hutangaza jambo hilo kama habari njema kwa taifa zima. Mwagizaji wa mafuta anafurahi, na Serikali yenye madeni ya dola inapata nafuu. Lakini wapo Waganda ambao kwao habari hiyo ni hasara ya moja kwa moja, nao ni wale wanaofanya kazi Ughaibuni, hasa katika nchi za Ghuba, pamoja na jamaa zao wanaosubiri fedha nyumbani. Naandika kwa sababu naona hasara hiyo ikimwangukia mtu mmoja tu, yule aliyeko mbali, na mara nyingi familia yake haijui kwamba inamtwika.

Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu mwaka 1986, kwa riyali 3.75 kwa kila dola moja, na dirhamu ya Falme za Kiarabu nayo imefungwa vivyo hivyo. Kwa hiyo msichana wa Busia anayelipwa riyali 900 kwa mwezi mjini Riyadh analipwa dola 240, shilingi ipande au ishuke. Mkataba wake hautazami soko la fedha la Kampala. Shilingi yetu, kwa upande mwingine, huelea: bei yake hupangwa na wanaouza na wanaonunua dola kila siku.

Nilipitia daftari la mama mmoja wa Busia ambaye bintiye yuko Riyadh. Ameandika kwa kalamu ya buluu: karo ya wadogo wawili, posho na maharagwe, dawa za bibi, na fundi anayejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba. Jumla ni shilingi 600,000 kila mwezi, na kiasi hicho ndicho alichokubaliana na bintiye. Mapema mwaka 2024, dola ilipokuwa karibu shilingi 3,900, kutuma 600,000 kulimgharimu binti takriban riyali 577. Alibakiwa na 323. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 dola ilishuka hadi karibu 3,550, na shilingi zile zile 600,000 zikahitaji riyali 634. Sasa ongeza mfumuko wa bei. Hata tukihesabu mwaka mmoja tu wa asilimia 3.5, daftari la mama linafika 621,000, ambazo ni riyali 656. Binti anabakiwa na 244. Nyumbani hakuna aliyeongeza anasa hata moja, lakini akiba ya aliyeko kazini imepungua kwa karibu robo, na hapo sijagusa ada za kutuma.

Mama aliniambia kwamba bintiye alipiga simu akasema, "Mama, mwezi huu sitafika hapo," naye akadhani ameanza kubadilika tabia. Aliyebadilika ni shilingi.

Wengi hawaoni kwamba fedha zenyewe zinazotumwa ni sehemu ya chanzo. Kampuni ya kutuma fedha inapokea riyali Riyadh na kulipa shilingi Busia. Ili ipate shilingi hizo, mshirika wake hapa lazima auze dola kwa benki. Waganda walioko nje hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, na kila dola hatimaye inatafuta mnunuzi katika soko hilo. Hazikuipandisha shilingi peke yake, na sitaki nizidishe: kahawa ilileta zaidi ya dola bilioni mbili katika mwaka wa fedha 2024/25, na wawekezaji wa kigeni walivutwa na riba kubwa ya hati za dhamana za Serikali. Hata hivyo kila binti anayetuma anaongeza kidogo kwenye wingi wa dola unaopunguza thamani ya dola yake mwenyewe, na uzito huo huonekana zaidi mwezi Desemba, wakati wote wanatuma kwa pamoja.

Mtu anaweza kuuliza kama shilingi yenye nguvu haimrudishii mama huyo kwa njia ya bei nafuu. Inamrudishia kidogo tu. Vitu vinavyotoka nje, kama mafuta ya petroli na chuma cha mabati, hupata nafuu dola inaposhuka, ingawa dukani nafuu hiyo huchelewa. Lakini tazama tena lile daftari. Karo, ujira wa fundi, matofali yaliyochomwa kijijini na kiwanja cha jirani havinunuliwi kwa dola, na bei yake haishuki dola inaposhuka. Tena hivyo ndivyo vinavyopandishwa bei na fedha za Ughaibuni, kwa sababu familia nyingi zenye mtu Ghuba zinatafuta mafundi wale wale na viwanja vile vile, wala viwanja haviongezeki kama bidhaa za kuagizwa. Asilimia 3.5 ni wastani wa nchi nzima. Familia inayojenga na kusomesha huishi na mfumuko wa bei ulio juu ya wastani huo.

Hili halimaanishi kwamba niombe shilingi ianguke. Mwanzoni mwa 2011 dola ilikuwa takriban shilingi 2,300, na kufikia Septemba ilikaribia 2,900. Aliyepokea dola alipata shilingi zaidi kwa karibu robo. Lakini mwezi Oktoba mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 30, na nyongeza yote ikamezwa sokoni.

Ninachokitaka kwa Benki Kuu ni inunue dola kwa ajili ya akiba ya taifa kwa ujasiri zaidi katika miezi ambayo fedha zinaingia kwa wingi, badala ya kuiacha shilingi ipande ghafla halafu ishuke ghafla. Najua mpaka wa jambo hilo: kila dola inayonunuliwa huachilia shilingi mpya kwenye benki, na shilingi hizo lazima zivutwe tena kwa kuuza dhamana zenye riba, la sivyo zitaamsha mfumuko wa bei. Ni gharama halisi, nami naona inafaa kulipwa.

Familia nazo ziache kupanga kiasi cha kudumu cha shilingi. Wakubaliane kwa riyali, tuseme 580, kisha mama apange vipaumbele: karo na dawa kwanza, fundi mwisho, ili shilingi inapopanda kazi ya ujenzi ndiyo isubiri. Na kila wanapotuma, waulize kiwango kilichotumika na si ada peke yake. Ikiwa dola sokoni ni 3,550 na kampuni imehesabu 3,480, basi katika kila dola 160 zinapotea shilingi 11,200 ambazo hazimo kwenye risiti kama ada. Hizo ni mara nne ya ushuru wa asilimia 0.5 ambao mama atakatwa anapotoa fedha hizo kwa wakala wa simu, ushuru ambao kila mtu Busia anaulalamikia.