Kanga kwenye picha na kanga mwilini

Huku Uingereza ninakoishi, kanga ni kitu cha kutazamwa. Utaikuta imetandazwa ukutani sebuleni, imewekewa fremu na taa, na mgeni akiingia anasifu rangi zake. Kwetu Unguja sijawahi kuona mtu anasimama kuitazama kanga bila kumtazama aliyeivaa. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini modeli za akili mnemba, zile unazozipa picha nazo zikakueleza kilichomo, zinaisoma kanga kama mgeni wa sebuleni.

Sizibezi. Nilipiga picha kanga moja ya mama yangu, yenye maneno "Japo sipati tamaa sikati", nikaipitisha kwenye modeli ya aina hiyo. Ilitaja pamba, ilitaja pindo linalozunguka pande zote nne, ikaona kuwa mapambo ya mjini, yaani ya katikati, ni tofauti na ya pindo. Maneno iliyasoma bila kukosea herufi. Hata maumbo yaliyopinda tunayoyaita korosho iliyaona, ingawa iliyahusisha na India peke yake. Kwa mtu asiyeona, au kwa anayepanga picha mia za makumbusho, hiyo ni kazi ya maana.

Kisha ikaeleza maana: eti ni maneno ya kumtia mtu moyo asichoke kutafuta mafanikio. Hapo ndipo tulipoachana. Maneno hayo yanaweza kuwa hivyo, na yanaweza kuwa ya mapenzi, na yanaweza kuwa kombora. Mwanamke akiyavaa siku ya kawaida akaenda sokoni, ni nguo. Akiyavaa kwenye shughuli ambayo anajua fulani atakuwepo, akajifunga ili maandishi yakae nyuma chini ya kiuno, akapita mbele ya huyo fulani mara mbili, ukumbi mzima umesikia. Na akiulizwa atajibu, "Mimi nimevaa kanga tu, kwani imeandikwa jina la mtu?" Uwezo huo wa kukana ndio nguvu ya kanga. Unamwezesha mtu kusema jambo ambalo akilitamka kwa mdomo litazua ugomvi. Kwa hiyo jibu moja la uhakika, hata likiwa na Kiswahili fasaha, limekosea tayari, kwa sababu kanga imetengenezwa isiwe na jibu moja.

Sababu yake si fumbo. Modeli hizi hujifunza kutokana na picha zilizoambatana na maelezo, na maelezo mengi ya kanga mtandaoni huandikwa na wanaouza: rangi, kipimo, "kitambaa cha Kiafrika". Hakuna muuzaji anayeandika kwamba kanga hii mwenye nayo alipewa na wifi yake wiki ile waliyopatana. Jambo hilo halimo kwenye picha wala kwenye maelezo, basi lijifunzwe wapi?

Kisutu kinaonyesha hili wazi zaidi. Ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwetu ukiiona unajua pana harusi. Mara nyingi haina methali, au ina alama ya mfanyabiashara tu, kama ile ya "Mali ya Abdulla" iliyotoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Hapa modeli haina maneno ya kushika. Niliyoijaribu ilieleza vizuri mpangilio wa rangi, ikakisia ni kitambaa cha mezani, na ile alama ya biashara ikaitafutia ujumbe wa kifamilia. Mtoto wa miaka kumi aliyelelewa kwetu asingeyasema hayo, naye hajafundishwa na mtu. Ameziona tu harusi.

Wenzangu tulio ughaibuni tumeanza kupiga picha sanduku za mama zetu na kuziachia programu ziandike maelezo, tuwahifadhie watoto. Mimi siafiki maelezo hayo yabaki peke yake. Ipigeni picha kanga ikiwa imekunjuliwa yote, maana ikikunjwa maandishi hukatika na modeli hujazia yenyewe. Halafu mpigieni simu mwenye kanga angali hai, mumuulize mambo matatu: nani alimpa, kwa shughuli gani, na kipande cha pili cha doti kiko kwa nani. Hilo la tatu msilidharau. Doti huwa na vipande viwili vyenye maneno yaleyale, na shoga wawili wakigawana kila mmoja hubaki na chake. Picha ya kipande kimoja haina namna ya kuonyesha kwamba kuna mwenzake Pemba.

Majibu yaandikeni kwa maneno yake mwenyewe, na akikataa kusema kanga fulani alimvalia nani, andikeni kwamba alikataa.