Hisa za Hazina, hisa za NSSF: serikali ina kiasi gani KCB?

"Nataka kujua serikali ya Kenya inamiliki asilimia ngapi ya benki ya KCB. Mmoja ananiambia ni karibu 20, mwingine anajumlisha na hisa za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anapata zaidi. Nimwamini nani?"

Anza na ripoti ya mwaka ya kampuni yenyewe, uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa wanahisa kumi wakubwa. Usitafute neno "serikali", maana mara nyingi halipo. Serikali husajiliwa kwa jina la afisi, yaani waziri au katibu wa Hazina ya Taifa, na ndiyo sababu wengi huuruka mstari huo. Chukua idadi ya hisa zilizo mbele ya jina hilo uigawe kwa hisa zote zilizotolewa. KCB ilipofikisha hisa 3,213,462,815, Hazina ilikuwa na takriban milioni 635, na hapo ndipo inapotoka asilimia 19.76.

Kabla ya hapo Hazina ilikuwa na asilimia 17.53, na haikuongezeka kwa kununua hisa sokoni. Mwaka 2019 KCB iliichukua National Bank kwa kubadilishana hisa: hisa kumi za National Bank kwa moja ya KCB. Ukisoma hisa za kawaida za National Bank peke yake, Hazina ilikuwa na asilimia 22.5 na NSSF 48.05, jumla kama 70.5. Lakini pembeni zilikuwepo hisa za upendeleo, yaani zile zinazotangulia za kawaida kwenye malipo ya gawio, bilioni 1.135, zote mikononi mwa hao wawili, wakati hisa za kawaida zilikuwa takriban milioni 339 tu. Zilipogeuzwa kuwa za kawaida, wawili hao wakawa na zaidi ya asilimia 93 ya benki.

Fuata upande wa Hazina. Ilikuwa na hisa za kawaida kama milioni 76 na za upendeleo milioni 900. Ukigawanya kwa kumi unapata hisa za KCB takriban milioni 97.6. Jumlisha na milioni 537.5 ilizokuwa nazo tayari, umefika milioni 635. Aliyetazama hisa za kawaida pekee hangeweza kuiona hesabu hii ikija. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa wa wanahisa, fungua pia maelezo ya mtaji kwenye hesabu za mwaka uone kama kuna hisa za upendeleo zinazoweza kugeuzwa, na ni za nani.

Sasa NSSF. Wanaokataa kuijumlisha wana hoja nzito. Fedha zile ni michango ya wafanyakazi, zinasimamiwa na wadhamini, na faida yake ni ya wanachama. KCB ilipolipa shilingi 3 kwa hisa kwa mwaka 2024, fungu la Hazina, karibu shilingi bilioni 1.9, lilikuwa la serikali. Fungu la NSSF lilikuwa la fundi na karani wanaokatwa mshahara kila mwezi. Kuziita zote fedha za serikali ni kumnyang'anya mfanyakazi mali yake kwa maneno.

Wanaojumlisha nao wanatazama kura. Kwenye bodi ya NSSF wanakaa wawakilishi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi, ni kweli, lakini pia wamo makatibu wa wizara, na wajumbe huteuliwa na waziri. Siku ya mkutano mkuu, ni vigumu kuamini kwamba mfuko huo utapiga kura kinyume na Hazina kwenye jambo ambalo serikali imelishikilia.

Mimi sizijumlishi ninapoulizwa nani anamiliki, na nazijumlisha ninapoulizwa nani anaamua. Naziandika mistari miwili, kila mmoja na jina lake. Anayetoa tarakimu moja bila kusema NSSF imo au haimo, simwamini, hata kama hesabu yake ni sawa.

Kuna mahali ripoti haikufikishi. Kwenye orodha hiyohiyo utaona majina yanayoishia na Nominees na namba ya akaunti. Hizo ni kampuni zinazoshika hisa kwa niaba ya wenyewe, na mfuko wa nchi ya kigeni unaweza kuwa nyuma ya mojawapo bila jina lake kuonekana. Hapo geuza upande: nenda kwa mfuko. Ule wa Norway huchapisha nchi kwa nchi kila kampuni ulimowekeza, pamoja na asilimia yake. Mifuko mingi ya Ghuba haifanyi hivyo, na kama haijavuka kiwango cha kulazimika kutangaza, jibu la kweli ni kwamba mtu wa nje hawezi kujua.

Tazama pia tarehe. Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuuza asilimia 15 ya Safaricom kutoka 35 zake, na siku hiyohiyo watu wakaanza kuandika 20. Tangazo halihamishi hisa. Huhama siku rejista inapobadilishwa.