Sebule ikiwa na giza, mimi nachagua ukuta

Ukinunua projekta, mara nyingi muuzaji atakushauri uongeze na skrini ya geini. Kwa sebule nyingi za hapa Mtwara, zikishafungwa mapazia usiku, naona hiyo pesa haina kazi.

Geini ni kiasi cha mwanga ambao skrini inawarudishia watazamaji, nayo hupimwa kwa kulinganisha skrini na uso mweupe usiong'aa, ambao hupewa 1. Skrini ya 1.8 haizalishi mwanga wowote. Inaupunguza kwa wanaokaa pembeni na kuwaongezea walio katikati. Sasa fikiria mechi ya usiku Shangani au Ligula: mkeka umejaa, watoto wameegemea kuta za pembeni. Hao ndio wataona picha imefifia. Tena nyeusi nayo inapanda pamoja na nyeupe, kwa hiyo kontrasti ya projekta inabaki ileile.

Piga hesabu kabla ya kununua. Picha ya upana wa mita 2.2 ina eneo la mita za mraba 2.7 hivi. Projekta inayotoa lumeni 700 za kweli, si zile za kwenye boksi, ikimulika ukuta wa geini 0.9 inakupa mng'ao wa kama kandela 74 kwa mita ya mraba. Kiwango cha sinema ni 48. Unazidisha ili iweje?

Ukuta wenyewe lakini utayarishwe. Pitisha tochi ubavuni mwake usiku. Kila kibonge cha plasta kitatoa kivuli. Pakeni puti, pigeni msasa, kisha rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, kwa rola. Rangi ya kung'aa huacha doa la mwanga katikati ya picha.

Kinachobadilisha picha kweli ni gama, iliyomo kwenye menyu ya projekta, na hiyo ni bure. Gama huamua vivuli vya kati, baina ya nyeusi na nyeupe, ving'ae kiasi gani. Ishara ya asilimia 50 kwenye gama 2.2 hutoa asilimia 22 ya mwanga, kwenye 2.4 hutoa 19. Chini kabisa pengo ni kubwa zaidi kwa uwiano: ishara ya asilimia 10 hushuka kutoka asilimia 0.63 ya mwanga hadi 0.40. Chumba kikiwa giza totoro, 2.4 hufanya usiku wa kwenye filamu uwe usiku, badala ya ukungu wa kijivu.

Anza na `Brightness`, maana ikikosewa hiyo, gama haiwezi kukuokoa. Weka picha ya majaribio yenye mistari ya giza iliyopewa namba: wa 16 upotee, wa 18 uonekane kwa shida. Ndipo uende `Gamma`. Nywele nyeusi zikimezwa na usiku nyuma yake, rudi 2.2. Mara nyingi utalazimika kurudi kama dari ni jeupe, kwa sababu linarudishia ukuta mwanga.

Skrini ya geini ningeinunua kwa projekta dhaifu tu. Lumeni 250 kwenye ukuta uleule hutoa kandela 26, geini 1.8 inazifikisha 53, mradi watazamaji wote wanaenea kwenye kochi moja la katikati.