Mradi wa mahindi na kunde bila ploti ya kunde peke yake haujakamilika

Kila masika yanapokaribia, shule nyingi za Dar es Salaam huandaa miradi ya somo la kilimo, na mada ya kulinganisha mazao mchanganyiko haikosekani. Mara nyingi mpango unakuwa huu: ploti moja ya mahindi peke yake, ploti nyingine ya mahindi yaliyochanganywa na kunde. Mwishoni wanafunzi wanapima mahindi ya pande zote mbili, wanakuta ya mchanganyiko yamepungua kidogo, wanaandika kwamba kuchanganya kunashusha mavuno. Wengine wanajumlisha uzito wa mahindi na kunde, kisha wanafika palepale.

Maoni yangu ni kwamba mradi wa namna hiyo haujajibu swali lake. Anayechanganya mazao hatafuti mahindi mengi kuliko ya ploti ya mahindi matupu. Anataka eneo lilelile limpe zaidi ya ambacho lingempa kama angeligawa, huku mahindi, kule kunde. Swali hilo halijibiki bila ploti ya tatu, yaani ya kunde peke yake, nayo ndiyo inayoachwa kila mara kwa kisingizio cha nafasi.

Nafasi yenyewe si kubwa. Ploti ya mita 3 kwa 3 inatosha. Ukiwa na ploti tatu kwenye kundi moja na makundi manne, na njia ya mita 1 kati ya ploti na ploti, unahitaji mita 11 kwa 15. Njia isipungue mita hiyo, kwa sababu mahindi yakirefuka yanatupa kivuli kwenye kunde za jirani, na kunde za peke yake zikikaa kivulini zimeshaacha kuwa za peke yake. Makundi yapangwe kwa kufuata tofauti ya eneo. Viwanja vyetu vingi vina ukuta upande mmoja, mwembe au mwarobaini upande mwingine, na bomba linalovuja kwenye kona. Ploti tatu za kundi moja zote zikae umbali unaofanana na huo ukuta au mti, ili zikionewa zionewe sawa. Ndani ya kundi, ploti ipi ipande nini iamuliwe kwa kura ya vikaratasi. Mwalimu akichagua kwa macho, mahindi huishia penye udongo mweusi na kunde kwenye mchanga, kwa sababu sote tumezoea kuyapendelea mahindi.

Andaa kamba moja yenye fundo kila sentimita 30, itatumika kwa mazao yote mawili. Mahindi yapandwe mistari ya sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 30, mche mmoja. Hapo ploti inabeba mistari minne yenye mashimo kumi. Kunde za peke yake ziwe na mistari sita ya sentimita 50, mashimo sentimita 30, miche miwili kila shimo. Tumia kunde zinazosimama, zisizotambaa sana, la sivyo zitaupanda mhindi na kuvuna kutakuwa vurugu. Kwenye mchanganyiko, mahindi yanabaki vilevile na kila katikati ya mistari miwili unaingia mstari mmoja wa kunde. Panda vyote siku moja. Kunde zikichelewa wiki mbili zinakuta mahindi yameshaziba jua, na tofauti utakayoipima itakuwa ya tarehe.

Kabla ya kupanda, pima uotaji. Hesabu mbegu 100 za kila zao, zigawe mafungu manne ya 25, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, si cha kuchuruzika maji, uziweke kivulini. Mahindi yahesabiwe siku ya 7, kunde siku ya 8, na zihesabiwe zile tu zilizotoa mzizi na chipukizi zima. Kunde za sokoni zenye vitundu vidogo vya mviringo zimeshaliwa na wadudu wa ghala, nyingi zitaoza tu. Kama uotaji ni 80 kwa 100, weka mbegu mbili kwa kila mche unaoutaka, halafu punguzia miche ikiwa na wiki mbili. Mapengo ndiyo yanayoharibu ulinganisho kimyakimya. Mhindi uliokosa jirani unapata jua na maji ya wawili, unazaa gunzi kubwa, na ploti yenye miche michache inaonekana kama ina mbegu bora.

Mbolea iwe kwenye mashimo ya mahindi tu, kipimo kilekile kwa kila mche, mathalani kizibo kimoja cha soda cha yurea wakati wa kukuzia, mahindi yawe peke yake au mchanganyiko. Dawa ya viwavijeshi ikipigwa, ploti zote za mahindi zipigwe siku hiyohiyo. Vidukari wakiingia kwenye kunde, kunde zote zitibiwe, za peke yake na za mchanganyiko.

Jambo jingine ni mboga. Jijini kwetu jani la kunde halipiti bila kuchumwa. Wapishi wa shule, walinzi na wanafunzi wenyewe huchuma, na huanza na ploti iliyo karibu na njia. Mmea uliochumwa majani mara mbili au tatu unatoa punje chache. Amueni kabla ya kupanda: ama hakuna kuchuma kabisa, ama majani ndiyo mavuno, yachumwe siku moja kwenye ploti zote na yapimwe kila mara. Kuchuma kidogo huku na kidogo kule bila kupima kunaua mradi, na hakuna hesabu ya kuuokoa baadaye.

Kwa mahindi nashauri kuvuna mabichi, ya kuchoma. Ukipanda Machi mvua zikishika, mbegu ya muda mfupi hufikia hatua hiyo kuelekea mwanzoni mwa Juni. Ukisubiri yakauke shambani, likizo inakukuta, na magunzi ya shule wakati wa likizo yana wenyewe wengi. Ila uvune ploti zote siku moja na upime magunzi yaliyomenywa. Kunde zivunwe maganda yanapokauka, kwa awamu, zipukuchuliwe, kisha zianikwe mpaka uzito wa leo na wa kesho usitofautiane. Mizani ya kidijitali ya jikoni inatosha.

Sasa kuvuna kwenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mistari ya pembeni na shimo la kwanza na la mwisho la kila mstari haziingii kwenye hesabu, kwa sababu ziko wazi upande mmoja. Kwa mahindi inabaki mistari miwili ya kati yenye mashimo manane, ambayo ni mita 1.5 kwa 2.4, au mita za mraba 3.6. Kwa kunde za peke yake inabaki mistari minne ya kati, mita za mraba 4.8. Kwenye mchanganyiko ipo mistari mitatu ya kunde, na mwanafunzi huona ni haki kuivuna yote mitatu huku mahindi akivuna miwili. Amekosea: kila mstari wa mahindi una mstari wake mmoja wa kunde ndani ya sentimita 75. Mahindi mistari miwili, kunde mistari miwili, ule wa katikati kabisa na mmoja wa jirani yake. Akivuna mitatu, kunde zake zimepanda kwa nusu nzima bila kuota popote.

Tuseme wastani wa ploti nne ulikuwa hivi. Mahindi peke yake gramu 2,880, sawa na gramu 800 kwa mita ya mraba. Mahindi ya mchanganyiko gramu 2,340, sawa na 650. Kunde peke yake gramu 480, sawa na 100. Kunde za mchanganyiko gramu 162, sawa na 45. Anayejumlisha anapata 650 na 45, jumla 695, anailinganisha na 800 na kusema mchanganyiko umeshindwa. Lakini gramu ya gunzi bichi na gramu ya punje kavu ya kunde hazijumlishiki, kwa maji yaliyomo, kwa bei wala kwa lishe.

Njia sahihi ni kugawanya kila zao kwa lenyewe:

650 ÷ 800 = 0.81
45 ÷ 100 = 0.45
0.81 + 0.45 = 1.26

Huo ndio uwiano wa ardhi. Maana yake ni kwamba ili upate mavuno yaleyale ya mita 100 za mraba za mchanganyiko, ungehitaji takriban mita 81 za mahindi matupu na 45 za kunde tupu, jumla 126. Ukizidi 1, mchanganyiko umetumia ardhi vizuri zaidi. Ukishuka chini ya 1, mazao yameoneana. Data ni zilezile zilizosema mchanganyiko umeshindwa, na bila ploti ya tatu usingekuwa na 100 ya kugawanyia.

Namba hiyo nayo inaweza kudanganya. Chukulia vidukari waliharibu kunde za peke yake zikatoa gramu 50 tu kwa mita, huku za mchanganyiko zikibaki 45. Sehemu ya kunde inakuwa 0.90 na uwiano unaruka hadi 1.71. Mchanganyiko haujaongeza chochote, ila kigawanyo ndicho kilichoanguka. Kwa hiyo uwiano mkubwa ukitokea, angalia kwanza mavuno ya ploti za peke yake kabla ya kufurahi. Ndiyo maana pia nashauri kugawanya kwa wastani wa ploti zote nne za peke yake, si kila ploti kwa jirani yake. Kisha toa uwiano wa kila kundi. Yakiwa 1.41, 1.30, 1.22 na 1.11, makundi yote yanasema jambo moja. Yakiwa 1.90, 0.95, 1.20 na 0.99, wastani unabaki 1.26 uleule, lakini mwanafunzi aandike kwamba matokeo hayakubaliani, kisha aeleze kundi la kwanza lilikuwa umbali gani na bomba linalovuja.

Limebaki la naitrojeni. Karibu kila ripoti ina sentensi kwamba kunde ziliwapa mahindi naitrojeni. Mradi huu haukuipima. Katika msimu huohuo kinachohama kutoka kunde kwenda mahindi huwa kidogo. Faida kubwa huja baadaye, mizizi na majani ya kunde yakioza udongoni. Kinachoweza kuonwa ni vinundu vya kwenye mizizi ya kunde, ambamo naitrojeni ya hewani hunaswa. Kunde zikianza kutoa maua, chimba kwa jembe miche mitatu ya mstari wa pembeni, usiing'oe kwa mkono maana vinundu vitabaki ardhini, suuza mizizi kwenye ndoo, pasua vinundu kwa wembe. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, vya kijani au kijivu, bado au vimeshakwisha, na kama vipo vichache upande uliopokea yurea, hilo liandikwe kama lilivyoonekana.